Barua ya kuambatisha na fomu ya bima ya mtandao: pale jibu lisipokuwa Ndiyo

Ukikabidhiwa kujaza fomu ya maombi ya bima ya mashambulizi ya mtandaoni, kuna swali litakalokubana: je, kila anayeingia kwenye mifumo yenu kutoka nje ya ofisi huthibitishwa kwa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba inayotoka kwenye simu yake? Visanduku ni viwili, Ndiyo na Hapana. Hali yenyewe mara nyingi iko katikati, na barua ya kuambatisha ndiyo mahali pa kuieleza.

Chukua SACCOS yenye matawi Tukuyu na Kyela. Wafanyakazi wote 38 hufungua barua pepe kwa hatua mbili. Lakini fundi wa mfumo wa mikopo, aliyeko Dar es Salaam, huingia kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayotunza mfumo huo, kwa Remote Desktop, programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, akitumia nywila peke yake. Jibu ni Hapana. Fundi huyo husahaulika kwa sababu hayumo kwenye orodha ya mishahara, ilhali neno "kila" linamgusa naye. Kwa hiyo usitegemee kuuliza watu tu: toa orodha ya akaunti kwenye seva yenyewe, uweke alama kila inayoweza kuingia kutoka nje.

Kwenye fomu tia alama Hapana, andika pembeni "Tazama barua, aya ya 2". Aya hiyo iseme hivi:

> Hadi tarehe 10 Machi 2025, akaunti zote 38 za barua pepe zinatumia hatua mbili. Akaunti moja ya fundi wa nje inaingia kwenye seva ya mikopo kwa nywila pekee. Akaunti hiyo hubaki imefungwa wakati haitumiki. Meneja huifungua fundi anapoomba, na huandika saa ya kufungua na kufunga kwenye rejista. Hatua mbili bado hazijawekwa kwenye akaunti hii.

Sentensi ya kuhusu rejista iandike tu kama rejista ipo na imejazwa. Mkaguzi wa madai ataiomba.

Mwaka 2022 kampuni moja ya Illinois, Marekani, ilishambuliwa, mafaili yakafungwa, nayo ikadai fidia kwa kampuni yake ya bima. Uchunguzi wa kampuni hiyo ya bima ulionyesha kwamba hatua mbili zilikuwa zikilinda ukuta wa moto tu, yaani kizuizi kinachochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka kwenye mtandao, si seva, tofauti na ilivyoelezwa kwenye maombi. Shauri lilifika mahakamani, na pande mbili zikakubaliana mkataba ufutwe tangu mwanzo. Hapana iliyoelezwa vizuri inaweza kukuongezea ada au sharti. Ndiyo isiyo kweli inaweza kukuacha bila bima kabisa.

Mipango iwekee aya yake, mbali na yaliyokwisha kufanyika. "Tunaweka hatua mbili" husomeka kama jambo lililopo. Andika "hatujaweka; tumeagiza", na tarehe uitaje ikiwa fundi ameithibitisha kwa maandishi. Na kama kitu kikibadilika kabla bima haijaanza, mathalani mmefungua njia nyingine ya kuingilia, mwandikie mtoa bima tena siku hiyohiyo, ukitaja aya inayorekebishwa.