Mtoto anachemka usiku, asubuhi kapoa

"Wangu wa miezi minane anachemka na kuhangaika usiku, asubuhi anapoa. Nimkande na kumbembeleza tu?"

Dada, mbembeleze, lakini mpeleke kituoni leo hii apimwe, hata kama amepoa. Homa ya malaria hupanda na kushuka. Panadoli huteremsha joto tu. Vijidudu vinabaki vikipasua chembe nyekundu za damu.

Mie tulirudi Wete kutoka Tanga, mwanangu asubuhi akacheka, nikaghafilika. Jioni viganja vyeupe, ziwa hataki. Tone la damu kidoleni, dakika 15 tu, malaria. (Safari za bara zitaje, Pemba watu husahau.)

Kipimo kikiwa safi, homa itafutwe kwengine: sikio, mkojo, kifua. Akishikwa na degedege, akitapika kila kitu au akigoma kunyonya, ondokeni usiku huohuo.