Dereva aliyeuliza kwa nini G-O si "gu"

Katika filamu ya Kihindi ya mwaka 1975 iitwayo Chupke Chupke, iliyoongozwa na Hrishikesh Mukherjee, kuna swali ambalo kwenye sabtaito linasomeka hivi: kama T-O ni "tu", na D-O ni "du", kwa nini G-O isiwe "gu"? Mtu anayesoma tu anaona malalamiko ya kawaida kuhusu tahajia ya Kiingereza, yale yale tuliyoyalalamikia sote shule ya msingi. Anatabasamu kidogo kwa adabu, filamu inaendelea. Wanaokijua Kihindi, kwa upande mwingine, wanashika mbavu.

Nimezoea kuandika sabtaito za Kiswahili za filamu za zamani za Kihindi kwa ajili ya jamaa na majirani hapa Mombasa, na swali hili huwa nalitumia kumwelekeza yeyote anayetaka kuanza kazi hii. Ni sentensi fupi, maneno yake yote yanajulikana, na bado ukiitafsiri neno kwa neno unakuwa hujatafsiri chochote.

Kwanza mjue anayeuliza. Dharmendra anaigiza profesa wa botania, Parimal Tripathi. Mkewe Sulekha, ambaye ni Sharmila Tagore, hachoki kumsifu shemeji yake, mume wa dada yake, kwamba hakuna mwenye akili kama yeye. Shemeji huyo, anayeigizwa na Om Prakash, anajivunia Kihindi chake kilichotakasika. Profesa anaamua kumchezea shere: anajipeleka nyumbani kwake kama dereva, jina Pyare Mohan, na anazungumza Kihindi kilichojaa maneno ya Kisanskriti hata mwenyewe mwenye nyumba anaanza kuchoka. Hebu fikiria dereva wa Mombasa anayekataa kusema "taa ya gari" na kukwambia "kurunzi ya mbele ya chombo hiki", tena kwa sauti ya msoma taarifa ya habari. Ndiyo mtu mwenyewe.

Sasa mtu huyu msafi wa ulimi, mbele ya mwenye nyumba, anajidai kushangazwa na Kiingereza. Anapanga hoja yake kama mwalimu wa mantiki. T-O, tu. D-O, du. Basi G-O? Kwa kanuni hiyo hiyo ingekuwa "gu". Na gu, kwa Kihindi, ni mavi.

Hilo ndilo alilolisema. Kalisema neno la chooni bila kulisema, kwa sababu ni herufi za Kiingereza zilizomfikisha hapo. Huwezi kumkaripia, maana ameuliza swali la sarufi. Ukimkaripia, umekiri kwamba wewe ndiye uliyefikiria uchafu. Utani una ngazi mbili basi: sauti ya "gu", na usafi wa kinywa kinachoitoa. Sabtaito ya kawaida huangusha zote mbili kwa mpigo.

Unajuaje kuna kitu kimeanguka, kama hukijui Kihindi? Mimi huangalia nyuso. Mtu akisema jambo la sarufi na wenzake wakababaika, wakatazamana au wakageuza uso, basi lililosemwa si sarufi. La pili ni mpangilio wa tatu: viwili vya kwanza vinaweka kanuni, cha tatu kinaivunja. Sauti ya kuifuatilia ni ile ya mwisho. Hapa watu hupotea kirahisi, kwa sababu "tu" nayo ni neno la Kihindi, maana yake "wewe" ya kumwita mtu wa karibu au mdogo wako, na ukishaligundua hilo unaweza kushinda hapo siku nzima ukitafuta utani ambao haupo. Tu na du ni ngazi tu za kupandia.

Kamusi haisaidii sana ukiandika ulivyosikia kwa herufi zetu. Utaletewa guru, yaani mwalimu, na gur, ile ile iliyotupa sukari guru yetu. Ni bora kuuliza mtu. Lakini mtu nani, na umuulize vipi?

Mombasa tuna bahati, kwa sababu neno hili liko pia katika Kigujarati, na Kigujarati kinazungumzwa hapa tangu enzi za mababu. Nilimuuliza mama mmoja wa Kibohora, jirani yetu Mji wa Kale, tulipokuwa tumekaa na wajukuu zake. Nilimwamkia, nikamchezesha kipande kile kwenye simu. Alicheka mpaka akajifunika mtandio usoni.

"Kwani amesema nini, mama?"

"Hakusema kitu, mwanangu. Ameuliza Kiingereza."

"Na mbona wacheka?"

"Wapeleke hawa watoto dukani kwanza."

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usimuulize mtu mzima neno mbele ya watoto wala mbele ya wakwe, utapewa jibu la adabu, nalo jibu la adabu ndilo hilo hilo lililoko kwenye sabtaito mbovu. Na usiulize "maana yake nini?" kwa sababu maana ya sentensi unayo tayari. Uliza, "sauti hii inakukumbusha neno gani?" Ukiuliza hivyo watu hufunguka haraka.

Sasa kazi yenyewe. Sabtaito ina mistari miwili, kila mmoja kama herufi 37 hadi 42, na msomaji ana sekunde chache kabla haijaondoka. Hakuna nafasi ya tanbihi. Wale wanaosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili wana uhuru ambao sisi hatuna: wanaweza kusema "hapo bwana kamtukania bosi kwa Kiingereza!" na ukumbi ukalipuka. Mwandishi wa sabtaito hana mdomo huo.

Jaribio ambalo kila mtu huja nalo ni kubadilisha mfano wote uwe wa Kiswahili. Nami ninao mmoja ninaoupenda: G-O-E-S ni "gozi", T-O-E-S ni "tozi", basi mbona S-H-O-E-S ni "shuzi"? Unachekesha, na unafanya kazi ile ile, mtu msafi wa lugha kafikishwa kwenye ushuzi na tahajia ya Kiingereza. Kama ungekuwa unaingiza sauti mpya ya Kiswahili badala ya ile ya Kihindi, ningekuambia utumie huo na usiangalie nyuma. Kwenye sabtaito haufai. Mtazamaji wa Mombasa anamsikia Dharmendra kwa masikio yake akitaja herufi za Kiingereza, na herufi hizo anazijua. Akisikia T-O huku anasoma T-O-E-S, atajua umemdanganya, na badala ya kucheka ataanza kukukagua.

Jaribio la pili ni kufafanua: "gu, yaani kinyesi". Hili ni baya kuliko kutotafsiri. Kinyesi ni neno la maabara. Gu ni neno la mtoto na la mtaani, lina harufu. Na "yaani" inamgeuza mcheshi kuwa mwalimu.

Ninachofanya mimi kinatokana na jambo moja ambalo wanaotafsiri vitabu hawanalo: msomaji wangu anasikia. Sikio lake litapata "gu" hata nisipoiandika. Basi jicho nalipa ile maana.

```
412
00:41:07,200 --> 00:41:10,000
T-O ni "tu". D-O ni "du".

413
00:41:10,400 --> 00:41:12,600
Basi G-O mbona isiwe "mavi"?
```

Muda na namba nimeweka za mfano, wewe utapima kwenye nakala yako. Angalia nilivyoikata vipande viwili. Jicho husoma haraka kuliko ulimi unavyosema, na ukiweka yote kwenye kipande kimoja msomaji ataifikia "mavi" wakati dereva bado yuko kwenye D-O. Atacheka peke yake mapema, kisha neno lenyewe litatoka akiwa kimya. Kipande cha pili kisitokee mpaka mdomo ufikie G. Hapo sauti "gu" inaingia sikioni na "mavi" inaingia machoni kwa wakati mmoja, na mtu anazifunga mwenyewe. Niliwaonyesha vijana wa Kisauni ambao hawana hata neno moja la Kihindi. Walicheka pale pale walipocheka wenye lugha yao.

Kuhusu "mavi" nimebishana na watu. Wapo wanaotaka "choo", kwa sababu sebuleni kuna wazee. Choo kinaweza kumaanisha haja kubwa, kweli, lakini wengi wataona jengo kwanza, na nusu sekunde hiyo ya kuwaza inatosha kuua kicheko. Neno la wazi ndilo linalofaa, kwa sharti moja.

Sharti lenyewe ni ile ngazi ya pili, usafi wa kinywa. "Mavi" inachekesha tu ikitoka kwa mtu ambaye kwa dakika zote zilizotangulia hajawahi kusema hata "jamani". Kwa hiyo kazi ya kuandaa mstari huu inaanza tangu dereva anapoingia nyumbani. Mpe Kiswahili cha kujikweza: "naam", "laiti ungeniruhusu", "chombo cha usafiri". Watu wa nyumba wape Kiswahili chetu cha kila siku, cha Kimvita ukikiweza, na huyo shemeji mwache Sulekha amwite mwamu. Ukimwandikia Pyare Mohan Kiswahili cha kawaida kama cha wengine, mstari wa 413 utasomeka kama tusi tu, na hapo wale wanaotaka "choo" watakuwa na haki.

Njia yangu ina kasoro moja ambayo sijaipatia dawa. Inategemea sauti. Kwa kiziwi, au kwa abiria wa matatu anayetazama simu yake bila spika, "G-O mbona isiwe mavi" haina kichwa wala miguu. Kwa hao ninaweka faili ya pili ya .srt, na kipande cha 413 kinasomeka "Basi G-O mbona si gu la mavi?" Si kizuri. Kinaeleweka, kicheko kimepungua nusu, na ninaiacha hivyo.