Kapsuli ya vidonda vya tumbo na saa ya chakula: tumbo huanza kazi kabla ya tonge la kwanza

Mtu akija dirishani kwangu kuchukua omeprazoli, kapsuli ya kupunguza asidi ya tumbo, kabla sijampa dawa namuuliza anaimeza saa ngapi na anakula saa ngapi. Nimekuwa mfamasia hapa Tanga kwa miaka mingi, na majibu ninayoyasikia zaidi ni mawili: "baada ya kula" na "ule moto ukipanda." Yote mawili hupunguza nguvu ya dawa. Ili uelewe kwa nini, inabidi ujue tumbo linaanza lini kumwaga asidi na nani analiamuru.

Nitaeleza kwa habari ya mteja wangu mmoja, mama ntilie. Alikuja akilalamika: "Kaka, dawa nakunywa kila siku, mbona hapa chini ya chembe cha moyo bado panawaka?" Nikamwomba anisimulie siku yake. Anaamka saa kumi alfajiri, anakaanga vitunguu, anachemsha supu, anachoma chapati. Anaonja chumvi kila mara. Wateja wakianza kuja hana nafasi ya kukaa, kwa hiyo anapiga chai ya rangi tu na kuendelea. Chakula chenyewe anakula saa saba mchana, na kapsuli anaimeza saa nane, akishatulia. Moto humwaka kuanzia saa mbili asubuhi, hupungua akila, kisha humrudia usiku.

Tuanze na ile alfajiri. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa, sura ya chapati, ladha ya supu ulimini, hata kukizungumzia tu chakula unachokipenda, vyote hupeleka habari kwenye ubongo. Sehemu ya chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, ndiko inakoanzia neva ya vagasi. Neva hiyo hushuka shingoni, hupita kifuani sambamba na umio, na kuingia tumboni. Amri ikitoka juu, tumbo huanza kutoa asidi na kimeng'enya cha pepsini wakati halijapokea hata punje. Hii ndiyo awamu ya kichwa. Kwa mlo wa kawaida, takriban 30% ya asidi yote hutokana na awamu hii.

Aliyelithibitisha jambo hili ni mwanasayansi Mrusi, Ivan Pavlov, kule Sankt Petersburg. Alimpasua mbwa umio shingoni, ili chakula anachomeza kidondoke nje badala ya kufika tumboni, kisha akaweka mrija wa kukusanya maji ya tumbo. Mbwa alikula, chakula kikamwagika, na baada ya dakika tano hivi maji ya tumbo yakaanza kutiririka kutoka tumbo tupu. Pavlov alipozikata neva za vagasi, yakakoma. Kazi yake juu ya usagaji wa chakula ndiyo iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1904.

Vagasi haitumii njia moja kuamuru. Kwanza, ncha zake humwaga kemikali ya asetilikolini karibu na seli zinazotoa asidi, na seli hizo huitikia moja kwa moja. Pili, huziamsha seli jirani zinazotoa histamini, nayo histamini huzisukuma seli za asidi kwa nguvu zaidi. Tatu, kwenye sehemu ya chini ya tumbo, vagasi huziamuru seli nyingine zitoe homoni ya gastrini, ambayo huzunguka na damu na kurudi tumboni kuchochea asidi. Wakati huohuo huzituliza seli za somatostatini, ambazo kazi yake ni kufunga breki. Ndiyo maana harufu peke yake, kwa mtu mwenye njaa, inatosha kuleta asidi ya kumchoma.

Sasa mrudie mama ntilie. Tangu saa kumi alfajiri vagasi inaliambia tumbo lake kwamba chakula kinakuja. Kila anapoonja supu, amri inaongezeka nguvu, kwa sababu ladha ina nguvu kuliko harufu peke yake. Lakini chakula hakiji. Chakula kingefika kingeipunguza makali ile asidi, maana protini huinywa asidi nyingi. Badala yake inafika chai ya rangi, ambayo nayo huchochea asidi bila kuituliza. Saa mbili asubuhi asidi kali iko juu ya utando wenye kidonda. Kuwaka huko hakukuwa kwa ajabu.

Saa saba anakula, na hapo inaingia awamu ya pili, ya tumbo lenyewe. Hii ndiyo kubwa, takriban 60% ya asidi ya mlo. Tumbo likitanuka, neva zilizomo ukutani mwake hupeleka habari juu kwa njia ya vagasi, na jibu hurudi kwa vagasi hiyohiyo. Watu hudhani neva hii ni ya kutoa amri tu, lakini nyuzi zake nyingi, karibu 80%, ni za kupeleka habari ubongoni. Pamoja na kutanuka, vipande vya protini iliyoanza kusagika huzigusa seli za gastrini, na gastrini hupanda. Kwa hiyo nyama, samaki, maharage na maziwa hufanya mambo mawili kwa mpigo: huinywa asidi iliyopo na huagiza nyingine.

Hapa niseme juu ya maziwa, kwa sababu karibu kila nyumba mgonjwa wa vidonda hupewa glasi ya maziwa. Nafuu yake ni ya kweli, ila ni ya muda mfupi. Protini na kalisi ya maziwa huchochea asidi, na ndani ya saa chache moto unaweza kurudi, hasa kwa anayeyanywa usiku na kulala. Maziwa ni chakula kizuri, yanywe kama sehemu ya mlo. Usiyatumie kama dawa ya kuzimia moto usiku.

Awamu ya tatu ni ya utumbo, na mchango wake kwenye asidi ni mdogo, kama 10%. Kazi yake kubwa ni kufunga. Uji wa chakula wenye asidi na mafuta ukiingia mwanzo wa utumbo mwembamba, utumbo hutoa sekretini na homoni nyingine za kupunguza asidi na kulichelewesha tumbo lisimwage haraka. Ndiyo maana supu yenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu. Yule mama alikuwa akila mabaki ya supu usiku na kulala papo hapo, na asidi ikapanda kifuani. Nilimwambia amalize kula muda wa saa tatu kabla ya kulala.

Tufike kwenye kapsuli yenyewe. Kila seli ya asidi ina pampu ndogo zinazosukuma asidi nje. Tumbo likiwa limetulia, pampu nyingi zimefichwa ndani ya seli. Amri ya vagasi, histamini na gastrini ikifika, pampu husogea hadi ukingoni na kuanza kazi. Omeprazoli hushika pampu inayofanya kazi tu. Isiyofanya kazi haishikiki. Ikishashikwa haifunguki tena, mpaka seli itengeneze pampu mpya. Lakini dawa haikai sana kwenye damu: ndani ya saa moja hivi nusu yake imeshaondoka. Maana yake ni kwamba dawa inatakiwa iwe kwenye damu wakati ule pampu zinapoamka, yaani wakati wa mlo.

Yule mama alikuwa akiimeza saa nane, juu ya chakula. Punje za ndani ya kapsuli zimefunikwa ili zisiyeyuke kwenye asidi, kwa hiyo zikakaa tumboni pamoja na wali zikisubiri kusukumwa kwenda utumboni. Dawa ilipofika kwenye damu, pampu nyingi zilikuwa zinarudi kulala. Ilipofika jioni, wakati anakula tena, dawa ilikuwa imekwisha kwenye damu.

Tulibadilisha hivi. Akiamka saa kumi, kabla ya kuwasha jiko, anameza kapsuli nzima kwa maji, bila kuitafuna wala kuimwaga unga wake. Saa kumi na moja kasoro anakaa chini na kula kitu cha maana: uji na yai, au chapati moja na maharage. Harufu ya jiko ikiziamsha pampu, dawa ipo; na asidi inayobaki inapata chakula cha kushughulika nacho. Nilimwambia pia asitarajie mabadiliko siku ya kwanza, kwa sababu pampu hazishikwi zote kwa dozi moja. Huchukua siku tatu hadi tano kufikia nguvu kamili. Kwa hiyo anayeimeza moto ukipanda tu haipati faida yake. Wa namna hiyo namshauri dawa ya maji au ya kutafuna ya kutuliza asidi, ambayo hufanya kazi papo hapo.

Mwezi wa Ramadhani swali hunijia kwa wingi, na kanuni ni ileile. Anayemeza mara moja kwa siku anaweza kufungulia kwa maji na kapsuli, akaswali Magharibi, kisha akakaa kula nusu saa baadaye. Anayetaka kuimeza wakati wa daku aamke mapema kidogo, ameze, kisha asubiri nusu saa kabla ya chakula. Na kwa mwenye vidonda vilivyothibitishwa, suala la kufunga au kutofunga ni la kujadili na daktari wake kabla mwezi haujaandama.

Wapo wanaoniuliza: kama chanzo ni neva, kwa nini isikatwe? Ilikatwa. Lester Dragstedt, daktari wa upasuaji wa Chicago, alianza kuikata kwa wagonjwa wa vidonda mwaka 1943, na asidi ilipungua kweli. Lakini vagasi ndiyo pia inayoliamuru tumbo kusaga na kumwaga chakula, kwa hiyo matumbo ya wengi yalijaa na kukwama, na ikabidi kuongeza upasuaji wa kupanua njia ya kutokea. Baadaye wakaja na ufundi wa kukata nyuzi za asidi tu na kuziacha zile za mlango wa tumbo. Dawa zilipopatikana, upasuaji huo ukawa nadra.

Vagasi inaleta asidi, lakini vidonda vingi huanzishwa na bakteria wa Helikobakta au na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Yule mama alipata nafuu baada ya kubadilisha saa, hakupona. Nilimtuma hospitali, na wiki mbili kabla ya kipimo cha choo daktari alimsimamisha omeprazoli, kwa sababu hupunguza bakteria kiasi cha kukifanya kipimo kionyeshe hana. Majibu yakatoka anao, akapewa antibiotiki pamoja na dawa ya asidi. Wewe ukitapika damu, ukipata choo cheusi chenye kunata, ukipungua uzito bila sababu au chakula kikikwama unapomeza, usije kwangu kwanza. Nenda hospitali siku hiyohiyo.