Baruapepe ya fundi irekebishwe makosa, isibadilishwe mwenyewe

Watu wa karibu huniletea baruapepe zao niwapitishie macho kabla hazijaenda kwa wateja. Nyingi ni fupi, sentensi saba au nane. Kwa urefu huo kosa moja linaonekana haraka, na neno moja lisilo la mwenyewe linaonekana haraka zaidi. Hii hapa ni ya fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, anayemwandikia mama mmoja aliyeagiza meza ya chakula na viti vyake. Nimeiweka kama ilivyokuja:

"Shikamoo mama, habari za toka juzi. Meza yako imeisha ila viti viwili bado zinakauka mvua hii haituachi kabisa. Ndugu zangu walipiga vanishi ya mwisho jana. Sitaki nikuletee kitu kibichi alafu kije kikusumbue apo nyumbani. Nivumilie mpaka Jumamosi tarehe 14, nitafika saa 3 asubuhi. Mbao yote ni mninga mtupu, sijachanganya, ukitaka kua na uhakika njoo ukague mwenyewe. Pesa iliyo baki ni laki mbili na nusu, utanipa ukisha viona."

Mtu aliyezoea barua za ofisini akiipata hii ataanza na "Ndugu Mteja, tunasikitika kukuarifu kuwa kukamilika kwa oda yako kumechelewa kutokana na hali ya hewa." Sarufi safi, na fundi hayumo tena. Yule mama ameongea naye kwenye simu, amesimama naye kwenye vumbi la mbao wakipatana bei. Akisoma "tunasikitika kukuarifu" atajiuliza nani ameiandika, na pengine anafichwa nini.

Kwa hiyo kabla ya kugusa neno huwa najiuliza: naweza kuitaja kanuni iliyovunjwa? Nikiweza, narekebisha. Nikijikuta nasema tu "haikai vizuri" au "mimi ningesema hivi", naacha kama lilivyo.

Tuanze na tahajia, maana ndiyo rahisi. "Alafu" na "apo" zimepoteza h, kama wengi wetu tunavyozitamka, basi zirudishiwe: halafu, hapo. "Kua" iwe kuwa. Hili la mwisho liangalie kwa jicho lako mwenyewe, kwa sababu kua ni neno halali la Kiswahili (mtoto anakua), na kikagua tahajia cha kompyuta kinaweza kulipita bila kulipigia mstari. Halafu kuna maneno yaliyokatwa katikati: "iliyo baki" ni iliyobaki, na "ukisha viona" ni ukishaviona. Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi vyake mgongoni. Ukivitenga, msomaji analazimika kusimama na kuunganisha mwenyewe.

Upatanisho ndio unaotaka utulivu, kwa sababu kila neno peke yake liko sawa. Ninachofanya ni kutafuta nomino, kisha kufuata kila kinachoitegemea. Viti viwili: vinakauka, si "zinakauka". Mbao ni wingi wa ubao, basi ni mbao zote, si "mbao yote". Hapa ndipo msahihishaji mwenye haraka huponzwa. Akishanogewa na upatanisho, anafika kwenye "ndugu zangu walipiga" na kukibadilisha kiwe "ndugu wangu", kwa hoja kwamba ndugu ni watu. Si kosa. Majina ya ujamaa na urafiki ya umbo hili huchukua kimilikishi cha yangu na zangu: ndugu zangu, dada zangu, rafiki zangu. Kitenzi ndicho kinachofuata watu, na fundi ameandika walipiga. Amepatia pande zote mbili kwa sikio tu, bila kuambiwa na mtu. Kama angeandika "vijana zangu", hapo ningebadilisha iwe vijana wangu.

Kuhusu alama, nimeongeza mkato mmoja tu, baada ya vinakauka, kwa kuwa bila huo jicho linasoma "vinakauka mvua" kwa pamoja. Ile mikato ya "mninga mtupu, sijachanganya, ukitaka..." nimeiacha. Mwalimu wa insha angetaka nukta pale, lakini hakuna anayepotea njiani, na ndivyo fundi anavyoongea: anatupa hoja moja, anavuta pumzi, anatupa nyingine.

Sasa yale yanayowasha mkono. "Toka" badala ya tangu, "imeisha" badala ya imekwisha, "ila" badala ya lakini, "mpaka" badala ya hadi. Yote ni Kiswahili kinachoandikwa na kusomwa kila siku. Ukibadilisha manne hayo, hujaondoa kosa hata moja, umeweka tu mazoea yako. "Kitu kibichi" kwa vanishi isiyokauka ni lugha ya karakana, na ni nzuri kuliko chochote ambacho ningekibuni. Kwa "nivumilie" wengine wangependa "naomba univumilie", kwa adabu zaidi. Lakini shikamoo imeshatangulia, na anayejua namna ya kumsemesha huyo mama ni fundi. Shikamoo yenyewe kuna watakaosema haifai kwenye barua ya biashara. Ikitoka, yule mama ndiye atakayeona imetoka.

Ukihesabu, ni maneno saba yaliyoguswa na mkato mmoja. Mengine yote ni yake.

Kuna aina ya tatu ambayo si tahajia wala mtindo, nayo ni ukweli wa mambo. Kalenda ya mwezi ule ilionyesha tarehe 14 ni Jumapili. Ni kosa, naam, lakini si langu kulirekebisha, kwa sababu sijui lipi limekosewa, siku au tarehe. Nikiandika Jumamosi tarehe 13 na yeye alikusudia Jumapili, mama atakaa nyumbani kutwa akisubiri gari ambalo halijapakiwa. Hapo ni kupiga simu. Alikusudia Jumamosi.

Nikiwa bado hewani nikamuuliza na la pili: "Fundi, mbao zote kweli ni mninga? Hata ule wa kukalia, chini ya mto?" Akacheka. "Aa, pale ni plaiwudi, kaka. Kila mtu anaweka plaiwudi pale." Sawa, lakini barua inasema zote, na imemkaribisha mteja aje akague. Atakayeinua mto ataona plaiwudi na neno "mtupu" litamgeukia fundi. Ningeweza kuchomeka "isipokuwa sehemu ya kukalia ambayo imetengenezwa kwa plaiwudi", na lingesikika kama limetoka ofisi nyingine. Nikamwambia aongeze mwenyewe, kwa namna ambayo angemwambia mama uso kwa uso. Akatuma: "Mbao zote ni mninga mtupu, sijachanganya, plaiwudi ni pale chini ya mto tu."

Haikuwa na cha kusahihisha. Nikaiingiza mahali pake, nikamrudishia barua nzima pamoja na ile ya kwanza chini yake, na orodha ya yale maneno saba, ule mkato na tarehe. Nikamwomba aisome kwa sauti kabla ya kuituma. Popote ambapo ulimi ungekwama, pengine pana neno langu lililopenya bila mimi kuliona, na hapo arudishe la kwake.