Sentensi Niliyoikata: Namna ya Kurekodi Ushuhuda Bila Kumdhuru Aliyeutoa

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikirekodi na kuhariri video za shuhuda katika kanisa letu hapa Mwanza. Jambo ninaloliandika leo nimelijifunza kwa kosa langu mwenyewe, kosa la kukata sentensi moja.

Mama mmoja, mama lishe mwenye kibanda karibu na stendi, alisimama ibadani akaeleza kwamba alikuwa amekohoa kwa miezi mingi, amekonda, analoa jasho usiku, na kwamba baada ya kuombewa kikohozi kilikata. Tulimrekodi siku hiyohiyo, machozi yakiwa bado usoni. Alizungumza kwa dakika 9, na katikati ya maelezo yake alisema kwamba zahanati walikuwa wamempima makohozi wakamkuta na kifua kikuu, na kwamba alikuwa na mwezi wa pili akimeza dawa. Niliambiwa video isizidi dakika 3. Nikakata maelezo ya zahanati kwa kuona kwamba yanapunguza kasi ya simulizi, nikaweka muziki, nikaituma kwenye makundi ya WhatsApp.

Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6: dawa nne kwa miezi 2 ya kwanza, kisha mbili kwa miezi 4 inayofuata. Wagonjwa wengi huanza kupata nafuu ndani ya wiki chache, kikohozi hupungua na hamu ya kula hurudi, lakini vijidudu vinakuwa bado vimo mwilini. Ndiyo maana mwezi wa pili ni wakati wa hatari: mtu anajiona mzima, anaacha dawa, na ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu kwa dawa zilezile. Video yangu ilimwonyesha mwanamke aliyepona katika mwezi wa pili, bila dawa yoyote kutajwa. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, naye akiwa kwenye dozi, aliiona na akaacha kumeza vidonge vyake. Mhudumu wa afya alimfuatilia nyumbani na kumrudisha kwenye matibabu kabla hali haijawa mbaya, lakini dada yake alipokuja kunionyesha video aliyoiangalia, niliitambua kazi ya mikono yangu.

Mimi naamini kwamba Mungu anaponya, na sikumtilia shaka mama yule. Yeye alisema kweli yote. Mimi ndiye niliyeitoa nusu. Wale wanaokumbuka mwaka 2011, watu walipofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na baadhi ya wagonjwa wakaacha dawa zao za hospitali, watakumbuka pia jinsi habari za uponyaji zilivyosafiri kwa kasi kuliko vipimo.

Tangu hapo ninapohariri nafuata kanuni ambayo sikubali kuivunja hata kwa ajili ya muda: mpangilio wa matukio unabaki kama msimulizi alivyoupanga, na kila sentensi inayotaja kipimo, dawa au tarehe inabaki. Kama video ni ndefu, nakata maelezo ya safari, salamu na marudio. Wakati wa kurekodi nauliza maswali yasiyompa mtu jibu mdomoni: "Ulianza kuumwa lini? Nani alikuambia ni ugonjwa gani? Ulikuwa unatumia nini siku ulipoombewa? Leo unatumia nini?" Kisha namwacha atenganishe mwenyewe kile alichokiona, kile alichoambiwa na mtaalamu, na kile anachokiamini. Mtu akisema amepona, naandika kwenye skrini maneno yake na mwezi alioyasema, na siongezi neno "amethibitishwa" ikiwa hakuna kipimo cha baadaye. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI nakuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu majibu yanayosema virusi havikuonekana kwenye damu maana yake ni kwamba dawa zinavidhibiti. Mtu akiziacha, virusi huongezeka tena. Nimewahi kuletewa karatasi ya namna hiyo kama ushahidi wa kupona, na sikuirekodi.

Lakini kosa langu lilikuwa na upande wa pili, ambao niliugundua baadaye. Mama yule anauza chakula. Ndani ya wiki moja wateja wake walianza kupungua, kwa kuwa kibanda chake kilionekana wazi nyuma yake kwenye picha za nyongeza nilizozipiga, na mwanawe aliyekuwa amevaa sare ya shule alianza kutengwa darasani. Nilipomuuliza kama alikuwa ameridhia, alinijibu kwa upole: "Baba, ningekataaje? Kanisa ndilo lililonilipia kodi ya chumba."

Jibu hilo lilibadilisha namna ninavyoomba ridhaa. Siku hizi anayeomba si mchungaji wala mtu anayegawa misaada, bali ni mtu ambaye kumkatalia hakumgharimu msimulizi chochote. Simrekodi mtu siku aliyotoa ushuhuda ibadani. Nasubiri angalau wiki mbili, furaha itulie na apate nafasi ya kuzungumza na wa nyumbani kwake. Namweleza pia jambo ambalo watengenezaji wengi hulificha: video iliyo kwenye ukurasa wetu wa YouTube naweza kuifuta, lakini ikishaingia kwenye simu za watu kupitia WhatsApp, hakuna anayeweza kuirudisha. Hata ile iliyowekwa kama `Unlisted` inafunguliwa na yeyote aliyetumiwa kiungo.

Ridhaa yenyewe tunaiandika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka habari za afya na imani ya dini katika kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo ushuhuda mmoja unaweza kubeba zote mbili. Karatasi yetu ni ya ukurasa mmoja: jina litakalotumika, ugonjwa utatajwa au hautatajwa, uso na sauti vitaonekana vipi, video itawekwa wapi, na namba ya simu ya kupiga akibadili nia. Kisha namwonyesha video iliyokamilika kwenye simu yangu, akiwa peke yake au na mtu aliyemchagua, na sahihi ya pili inawekwa baada ya kuitazama. Watu wengi huomba kitu kiondolewe wakati huo. Kuficha uso pekee hakutoshi, maana majirani humtambua mtu kwa sauti, kwa kanga na kwa ukuta wa nyumba yake.

Kwa shuhuda za kuokoka au kubadili dini nauliza swali la ziada: kuna mtu ambaye hapaswi kulisikia hili kwa mara ya kwanza kwenye simu? Kijana mmoja kutoka Pwani alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Baba yangu." Hatukurekodi, na hadi leo hatujarekodi. Aidha, habari za ndoa ya dada yake, ambazo alizitaja kama sehemu ya safari yake, hazikuwa zake kuzitoa.

Mama lishe yule nilimwendea, nikamwomba radhi, nikafuta video ile mahali pote nilipoweza kuifikia. Alipomaliza miezi yake 6 na makohozi kupimwa tena bila kuonekana vijidudu, ni yeye aliyetaka turekodi upya. Aliomba kibanda na watoto wasionekane, na jina lake lisitajwe. Video mpya ina dakika 6, na maneno ya zahanati na dawa yamo kabla dakika ya pili haijaisha.