Kurudi kwenye x baada ya θ

"Nimeweka x = 3 sin θ kwenye ∫√(9 − x²) dx, nikapata 9∫cos²θ dθ. Nimekwama hapo."

Kipeo cha kosini ni shufwa, kwa hiyo huna kosini ya ziada ya kuchomoa. Tumia cos²θ = (1 + cos 2θ)/2. Utapata (9/2)(θ + sin θ cos θ), kwa kuwa sin 2θ = 2 sin θ cos θ.

Kurudi kwenye x ndiko wengi tunakoteleza: cos θ ni √(9 − x²)/3, si √(9 − x²) tupu. Basi jibu ni:

(9/2) arcsin(x/3) + (x/2)√(9 − x²) + C

Kagua mteremko wa jibu pale x = 0. Lazima uwe 3, yaani √9. Ukisahau kugawa cos θ kwa 3, utaona 6.