Kikapu changu cha futari kilivyonirudia siku ya nne

Juzi nimepokea ujumbe wa dada mmoja mwenye duka la vyakula Morogoro. Anataka Ramadhani ijayo aweke ofa ya vikapu vya futari, na anauliza aweke nini ndani na auze bei gani. Nimeanza kumjibu kwa simu nikaona majibu yanakuwa marefu, nikasema bora niandike hapa, maana najua mko wengi wenye ndoto hiyo hiyo.

Mimi ni Mkristo, mzaliwa wa Lushoto, na duka langu liko Ngamiani hapa Tanga. Wateja wangu karibu wote wanafunga. Mwaka wa kwanza nilitengeneza kikapu kwa kufikiri peke yangu. Niliweka tende nusu kilo, sukari kilo moja, tambi, biskuti, soda kubwa na unga wa keki. Nikafunga kwa karatasi inayong'aa na utepe, nikaandika "Kikapu cha siku kumi." Kilikuwa kizuri kwa macho, na vilitoka 23 kabla mwezi haujaandama.

Siku ya nne ya mfungo akaja bibi mmoja wa mtaa wa nyuma, mtu mzima ninayemheshimu kama mama yangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaweka kikapu kitupu juu ya kaunta. "Mwanangu, umeniambia siku kumi. Tende zimeisha jana. Sukari imeisha jana. Biskuti hizi hapa, hakuna aliyezigusa. Hiki kikapu ulimfungia nani?" Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Bado naisikia ile sauti yake ya mtu aliyefunga, imekauka, na watu watatu wamesimama nyuma yake wanasikiliza.

Usiku ule nilikaa nikahesabu, jambo nililopaswa kulifanya kabla. Nilimimina kilo moja ya tende zangu mezani nikakuta zipo 120 hivi. Nyumba ya bibi ina watu sita. Mfungaji hufungulia tende kwa idadi ya witri, na wengi hula tatu. Tatu mara sita ni 18 kwa siku, na kwa siku kumi ni 180, yaani kilo moja na nusu. Mimi nilimpa nusu kilo, tende 60. Siku ya nne ilikuwa imeandikwa ndani ya kikapu changu tangu siku nilipokifunga! Sukari nayo vilevile: uji wa jioni, chai, na daku, nyumba ya watu sita haitumii chini ya robo kilo kwa siku. Kwa hiyo ni kilo mbili na nusu.

Basi dada wa Morogoro, ushauri wangu wa kwanza ni huu: hesabu vichwa, hesabu siku, halafu ndiyo ununue utepe. Kikapu changu cha sasa ni cha watu sita kwa kumi moja, kwa sababu wafungaji wenyewe huugawa mwezi kwa makumi matatu, na mshahara wa wengi hautoshi kununua mwezi mzima kwa mara moja. Kina tende kilo moja na nusu, sukari kilo mbili na nusu, unga wa ngano kilo mbili kwa chapati na kaimati, unga wa uji kilo moja, tambi pakiti mbili, maharage kilo moja, mafuta lita moja, na vifuko vidogo vya hiliki, mdalasini na pilipili manga. Pilipili manga usiisahau, maana uji wa futari bila pilipili manga hapa kwetu unarudishwa jikoni. Ramadhani iliyopita kikapu hicho kilinigharimu shilingi 33,000 pamoja na mfuko. Vitu vile vile ukivinunua kimoja kimoja dukani kwangu ni 38,500. Nikauza 36,000. Faida ni 3,000 kwa kikapu, ndogo, lakini vilitoka 140 kwa makumi matatu, na hakuna hata kimoja kilichorudi. Nasema hilo kwa fahari kwa sababu nimelitolea machozi.

Angalia pia kisichokuwemo. Hakuna muhogo, hakuna magimbi, hakuna viazi vitamu, hakuna nazi. Mwaka wa pili niliviweka, nikijua futari ya Tanga ni muhogo wa nazi. Lakini muhogo ukishang'olewa huanza kupiga mistari ya bluu nyeusi ndani kwa siku mbili au tatu tu, na ukiupika unakuwa mgumu na una uchungu. Vikapu vilikaa siku mbili dukani na siku moja kwa mteja, na muhogo ukaharibu jina la kila kitu kilichokaa nao. Siku hizi vikavu ni kikapu, vibichi ni oda. Mteja ananiambia kabla ya saa nne asubuhi, kijana wangu anakwenda soko la Mgandini, anavunja ncha ya kila muhogo na kutazama kama ndani ni mweupe, anatikisa kila nazi asikie maji. Nazi isiyosema maji aiache huko huko. Mzigo unafika saa nane mchana, mteja anachukua kabla ya saa kumi. Baada ya hapo umechelewa, maana mama anayebandika sufuria saa kumi na moja anapigana na adhana ya magharibi.

Saa ndizo zilizonifundisha heshima kuliko maneno. Mwaka ule wa kwanza niliweka meza mbele ya duka saa sita mchana, watu waonje juisi ya ukwaju bure. Nilidhani ni ukarimu. Mzee mmoja alipita akaniambia taratibu, "Binti, tumefunga," akaendelea na safari yake. Meza niliiondoa dakika ile ile. Tangu siku hiyo mfanyakazi wangu asiyefunga anakula stoo, mlango umefungwa, na redio ya muziki inazimwa mwezi mzima. Saa kumi na mbili na robo jioni nafunga duka. Vijana wangu wanaofunga wanafuturu wakiwa wamekaa, siyo wamesimama na kalamu mkononi. Tunafungua tena saa tatu usiku watu wakitoka tarawehe, na niwaambie ukweli, saa ile ya tatu hadi tano ndiyo inayouza kuliko nyingine zote.

Kuhusu tende naomba nikae kidogo, kwa sababu hapo nina kidonda. Msambazaji mmoja aliniuzia katoni kumi za kilo 10, juu zimepangwa nzuri, chini zimechacha. Sikufungua hata moja hadi siku ya kufunga vikapu. Nilipomrudishia alisema mzigo ukishatoka stoo kwake si wake tena. Katoni sita nilizimwaga, na nilimwaga nikilia. Sasa sinunui katoni bila kuifungua na kuingiza mkono hadi chini. Tende iliyochacha inanuka kama siki na ina povu kwenye kitako. Tende yenye wadudu ukiipasua utakuta unga mweusi karibu na kokwa, kwa hiyo pasua tano kutoka sehemu tofauti. Ukiona chembe nyeupe ngumu chini ya ganda usiogope, hiyo ni sukari yake imeganda, tende ikipata joto inalainika. Mteja akikuuliza mwonyeshe, usimfiche. Tende ndiyo kitu cha kwanza kuingia kinywani baada ya saa kumi na tatu hivi za njaa na kiu. Mfanyabiashara anayeweka tende mbaya hapo, mimi siwezi kumwita mwenzangu.

Jambo la mfuko nalo lilinipita. Nilichapisha mifuko 200 yenye jina la duka, na juu yake Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, nikiamini nawaheshimu wateja. Wiki ya pili imamu wa msikiti wa karibu akaja na mfuko mmoja mkononi, kauokota mtaroni. Akanieleza kwamba jina la Mwenyezi Mungu halitupwi na taka, na mfuko wa duka mwisho wake ni taka. Ile iliyobaki niliichoma mwenyewe, kama alivyonielekeza. Mfuko wangu wa leo umeandikwa "Ramadhani Karimu" kwa herufi za kawaida, na mingine haina maandishi kabisa.

Ile isiyo na maandishi ina kazi yake. Karibu theluthi ya vikapu vyangu hununuliwa na mtu kwa ajili ya mtu mwingine. Mtoto yuko Dar es Salaam anatuma pesa kwa simu, kikapu kiende kwa mama yake, au mtu anataka kufuturisha jirani mjane. Anayepelekewa hataki mtaa mzima ujue. Kijana wangu anakwenda na mfuko wa khaki usio na maandishi, anabisha hodi, anasema "mzigo wako kutoka kwa fulani," au kama mtoaji hataki kutajwa anasema mzigo tu, anaondoka. Hapigi picha. Mfanyakazi mmoja aliwahi kumpiga picha mama wa watu akipokea, akaniletea tuitumie kwa matangazo. Niliifuta mbele yake. Sadaka ya mtu si bango lako!

Mtaniuliza habari ya zawadi, kwa sababu maduka mengi huweka "nunua kikapu, ingia kwenye droo ushinde friji." Niliwahi kuipanga, mume wa rafiki yangu akanizuia: mteja anayelipa ili apate bahati anaingizwa kwenye kitu kinachofanana na kamari, na mfungaji makini atakukimbia. Vilevile anayelipa kidogo kidogo usimwongezee hata shilingi kwa kuchelewa, hiyo ni riba kwake. Mimi wateja huanza kuweka tangu Rajabu, kila mmoja ana ukurasa wake kwenye daftari, bei ni ile ile ya siku ya kwanza. Ili nisiumie, akifika nusu ya bei nanunua sukari yake papo hapo na kuiweka pembeni. Mwaka 2024, sukari ilipoadimika baada ya mvua za El Nino kulowesha mashamba ya miwa, walioweka kwangu walipata sukari yao kwa bei ya daftari. Kuna waliokuwa wakinunua kwingine, tangu mwaka ule hawajaondoka kwangu.

Kumi la mwisho kikapu kinabadilika. Watu wanataka tambi zaidi na unga zaidi kwa ajili ya Idi, na wanatafuta mchele wa zakatul fitri. Hiyo ni pishi moja kwa kila kichwa, wengi hapa huipima kilo mbili na nusu. Mimi napakia mifuko ya kilo mbili na nusu tangu siku ya 25, nyumba ya watu sita inachukua mifuko sita, kilo 15, bila kupimiwa upya. Usingoje usiku wa mwezi kuandama, kwa sababu inatakiwa itolewe kabla ya sala ya Idi, na usiku ule foleni inafika barabarani. Yule bibi wa mtaa wa nyuma alichukua mifuko yake sita mwaka huu tarehe 26, akaagiza na kikapu cha Shawali kwa ajili ya funga zake sita.